Tafadhali Inapogeuka Amri: Ombi na Shukrani za Mapema katika Kiswahili cha Mwanza na Mwambao wa Ziwa Viktoria

Ikisiri

Makala haya yanajadili sababu inayofanya ombi lililosheheni maneno ya adabu, hususani tafadhali, naomba na natanguliza shukrani, lisikike kama shinikizo. Hoja kuu ni kwamba shinikizo hilo halitokani na wingi wa maneno peke yake, bali na dhana tangulizi ambayo kila neno hubeba. Mifano imetungwa na mwandishi kwa kufuata semi za kawaida za mialoni ya Mwanza na barua za maombi zinazoandikwa na wanafunzi wa uzamili. Barua moja ya kuomba ruhusa ya utafiti inachambuliwa sentensi kwa sentensi, kisha inaandikwa upya.

1.0 Utangulizi

Asiyeamini kwamba tafadhali ni neno lenye makali na asikilize watu wanaogombana. Mtu aliyechoka kuchokozwa husema, "Tafadhali sana!" na hapo hapo waliomzunguka hujua kwamba subira yake imefika ukingoni. Mwingine husema, "Naomba tuheshimiane," na hakuna anayedhani kwamba ameomba kitu. Ofisini nako, barua ya mwaliko wa kikao humwambia mjumbe kuwa "unaombwa kuhudhuria bila kukosa". Kitenzi ni cha kuomba, lakini maneno mawili yanayokifuata yamefunga mlango wa kutohudhuria. Katika semi hizi zote umbo ni la ombi na kazi ni ya onyo au agizo.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa mwanafunzi wa uzamili anayekwenda uwandani. Kufundishwa kwake shuleni kumemzoesha kuamini kwamba ombi ni kama chai: likikosa utamu, ongeza sukari. Akihisi kwamba analoliomba ni kubwa, huongeza tafadhali. Akihisi kwamba anayemwomba ni mkubwa, huongeza "kwa heshima na taadhima". Akiogopa kunyimwa, hutanguliza shukrani. Barua hutoka imejaa adabu, na anayeipokea huisoma akahisi kwamba ameshikwa shati.

Nadharia ya Brown na Levinson (1987) kuhusu adabu, ambayo ndiyo inayorejelewa zaidi, inaeleza kwamba mzungumzaji hupima uzito wa tendo linalotishia uso wa msikilizaji kwa kuangalia umbali wa kijamii, mamlaka na ukubwa wa jambo lenyewe, kisha huchagua mbinu inayolingana na uzito huo. Msomaji wa haraka anaweza kudhani kuwa, kwa mujibu wa nadharia hiyo, maneno mengi ya adabu ni adabu nyingi. Saida Yahya-Othman, katika maandishi yake ya miaka ya 1990 kuhusu adabu ya mazungumzo miongoni mwa Waswahili, aliitazama nadharia hiyo kwa jicho la jamii ya Zanzibar, ambamo heshima ya mtu haitengani na ya jamaa zake. Makala haya yanauchukua mjadala huo na kuupeleka bara, kwenye ufuko wa ziwa, yakijikita katika swali dogo zaidi: maneno haya matatu, yakiwa ndani ya sentensi, yanamfanya nini anayeombwa?

2.0 Ombi lisilo na tafadhali

Ni vyema kuanza na mahali ambapo maombi hufanyika mamia kwa siku bila tafadhali kusikika. Katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, dagaa wakavu huuzwa pia kwa kipimo cha sado, yaani ndoo ndogo iliyorithi jina lake kutoka kwenye makopo ya rangi. Mazungumzo ya mnunuzi kijana na muuzaji aliyemzidi umri huweza kwenda hivi:

– Mama, shikamoo.
– Marahaba. Karibu dagaa.
– Asante. Hawa wa wapi?
– Wa Ukerewe hao, hawana mchanga.
– Basi nipimie sado mbili, uniongezee na kidogo.

Ombi liko katika mstari wa mwisho, na kitenzi chake kipo katika hali ya kuamuru. Hata hivyo, haihitaji utafiti mrefu kutambua kwamba muuzaji hatakereka. Kazi ya heshima imekwisha kufanywa na vipashio vingine. Shikamoo na marahaba vimeshawapanga wawili hawa kiumri, na neno mama limemweka muuzaji katika nafasi ya mzazi, ambaye kupima kwake ni kumpa mtoto. Swali la asili ya dagaa limempa muuzaji fursa ya kuisifu bidhaa yake kabla ya kuombwa chochote. Basi inaonyesha kuwa ombi linatokana na yale aliyoyasema yeye mwenyewe.

Sarufi nayo imefanya sehemu yake. Kitenzi pima kimepewa mnyambuliko wa kutendea, na kiambishi ni- kimemtaja mnufaika, hivyo tendo linasikika kama hisani anayofanyiwa mtu fulani aliye mbele ya muuzaji. Kiambishi hicho cha yambwa ndicho pia kinachokifanya kitenzi kiishie kwa -e, irabu ile ile ya dhamira tegemezi. Kwa hiyo, kimatamshi, amri nipimie iko hatua moja tu kutoka unipimie, ambayo ni matakwa zaidi kuliko amri. Katika sentensi yetu mnunuzi amezitumia zote mbili kwa mpangilio wenye maana: amesema nipimie kwa kile anacholipia, na uniongezee kwa kile ambacho hana haki nacho. Nyongeza ni hiari ya muuzaji, na sarufi imeliona hilo.

Tuliweke sasa tafadhali mahali hapo: "Mama, tafadhali nipimie sado mbili." Sentensi ni sahihi kabisa, lakini katika masikio ya watu wa sokoni ina dokezo. Huenda mnunuzi ameshasubiri na sasa anakumbushia, au huenda ni mgeni wa mazingira haya, mtu wa shule na ofisi. Dokezo la kwanza ndilo linalotuhusu. Ambapo kupima ni jambo lisilo na shaka, kulisihi ni kuashiria kwamba kumekuwa na shaka. Tafadhali, inapounganishwa na tendo ambalo msikilizaji angelifanya bila kusihiwa, humwonyesha kama mtu aliyechelewa au aliyegoma.

Naomba ina historia tofauti. Katika Kiswahili cha Tanzania neno hili limekuwa njia ya kawaida ya kuagiza kitu: "naomba soda", "naomba chenji", "naomba kushuka kituo kinachofuata". Hakuna unyonge ndani yake tena, wala hakuna msisitizo. Mtanzania aliyezoea semi hizo husikia ukavu katika leta soda ya baadhi ya majirani zetu wa Kenya, ingawa kwa wanaoitumia haina ubaya wowote. Kisukuma, lugha ya kwanza ya wakazi wengi wa Mwanza, nacho kina kulomba, kitenzi chenye asili moja ya Kibantu na kuomba. Kwa sababu naomba imeshapoa kiasi hicho, mwandishi anayetaka kusihi kweli huiona haitoshi, ndipo anapoiwekea tafadhali mbele. Tafadhali naomba ni zao la naomba iliyochakaa.

3.0 Kilichomo ndani ya maneno

Tafadhali imetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi uliotupa pia fadhila, fadhili na mfadhili. Katika Kiarabu umbo hilo hutumika hasa anapokaribishwa mtu: apite, aketi, achukue chakula. Anayelitamka ndiye anayetoa. Kwa Kiswahili, nafasi ya kukaribisha imeshikwa na karibu, na tafadhali imehamia upande wa anayetaka kupewa. Masalia ya matumizi ya awali bado yapo, kwani "tafadhali keti" humpendeza anayeambiwa. Faida ya kuketi ni yake. Leech (1983) alieleza kwamba amri hupokelewa kwa wepesi kadiri faida yake inavyomwelekea msikilizaji, na kwa uzito kadiri gharama inavyomwelekea. Tafadhali haibadilishi mizani hiyo. Katika "tafadhali keti" na "tafadhali nijibu kabla ya Ijumaa" neno ni moja, ilhali katika sentensi ya pili gharama yote iko kwa msikilizaji, na adabu ya neno imekuwa utepe juu ya mzigo.

Shukrani za mapema zina tatizo la kina zaidi. Searle (1969), katika kuainisha masharti ya matendo-uneni, alionyesha kwamba kuomba huhusu tendo lijalo la msikilizaji, na kushukuru huhusu tendo ambalo ameshalifanya. Anayeandika "natanguliza shukrani" anayafunga matendo hayo mawili pamoja: anaomba, na papo hapo anazungumza kana kwamba ameshapewa. Asante yenyewe inatoa ushahidi wa kufurahisha, kwa kuwa katika Kiarabu asili yake ni kitenzi cha wakati uliopita chenye maana ya umefanya vema. Sidai kwamba etimolojia huamua matumizi ya leo. Hakuna anayeikumbuka anaposema asante. Ninachosema ni kwamba matumizi ya leo, kwa njia yake yenyewe, yamebaki palepale. Msukuma husema wabeja baada ya kutendewa jambo, kama vile Mswahili anavyosema asante, na mtoto anayeshukuru kabla ya kupewa huchekwa kwa ujanja wake.

Anayeshukuriwa kabla ya kutenda hujikuta na deni. Akikubali, hana alichotoa, kwa sababu malipo yalishatangulia. Akikataa, anaonekana amepokea shukrani za watu bure. Ndiyo maana kifungu hiki huwakera zaidi wale waliokuwa tayari kusaidia. Wamenyang'anywa nafasi ya kuwa wakarimu.

Ni haki kusema kwamba katika barua za ofisi kwa ofisi natanguliza shukrani imekuwa kaulifunge, na karani aliyezoea huipita kama anavyoipita mihuri. Hapo haina madhara makubwa. Madhara huja barua inapomfikia mtu mwenye hiari ya kweli, asiyekuwa ndani ya mfumo wa ofisi ya mwandishi, na ambaye huisoma barua neno kwa neno kwa kuwa hapokei nyingi. Viongozi wa mialoni ni miongoni mwa watu hao.

4.0 Barua ya kuomba ruhusa mwaloni

Barua ifuatayo nimeitunga kwa mtindo ambao msimamizi yeyote wa tasnifu atautambua. Mwanafunzi anamwandikia mwenyekiti wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambacho mialoni hujulikana kwa herufi BMU.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa heshima na taadhima, tafadhali naomba unipatie ruhusa ya kurekodi mazungumzo ya wavuvi na wanunuzi katika mwalo wako. Tafadhali naomba pia unitafutie wavuvi kumi wa kuwahoji siku ya Jumatatu. Tafadhali nijibu kabla ya Ijumaa. Natanguliza shukrani zangu za dhati kwa ushirikiano wako."

Tafadhali tatu zimebeba vitu vitatu visivyofanana. Ya kwanza inaomba ruhusa, jambo lililo ndani ya wadhifa wa mwenyekiti, ingawa haliko mikononi mwake peke yake. Kikundi kina kamati, na mwalo si wake. Ya pili inaomba kazi. Kutafuta watu kumi ni kuzunguka, kueleza, kubembeleza na pengine kulaumiwa baadaye, na hakuna mahali wadhifa unapomtaka afanye hivyo kwa ajili ya tasnifu ya mtu. Ya tatu inaweka ukomo wa muda. Kwa kuwa zote tatu zimevalishwa vazi moja, msomaji hawezi kujua ni lipi mwandishi analiona kubwa, na anabaki na dhana kwamba mwandishi hajaliona lolote kuwa kubwa. Hapa ndipo urudiaji unapodhuru: neno linalotumika kwa kila ombi halipimi tena uzito wa ombi lolote.

Sentensi ya tatu ni kali kuliko mwandishi alivyokusudia. Kitenzi nijibu kipo katika hali ya kuamuru, kimefuatwa na siku ya mwisho, na sababu ya siku hiyo haikutolewa. Tafadhali iliyo mbele yake inasikika kama ile ya tangazo la ukutani. Sentensi ya mwisho inakamilisha kazi: "ushirikiano wako" umetajwa kwa kimilikishi, na kimilikishi huchukulia kwamba kitu kipo. Mwenyekiti bado hajashirikiana, lakini kisarufi ameshafanya hivyo.

Kasoro kubwa kuliko zote, hata hivyo, haimo katika neno lolote. Ni Jumatatu. Dagaa wa Ziwa Viktoria huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga wa taa, hivyo uvuvi wake hufuata mwezi. Usiku wa giza mitumbwi huingia ziwani, na asubuhi mwalo huwa na pilika za kushusha, kuuza na kuanika. Mbalamwezi inapokuwa kali taa hazina nguvu, mitumbwi hupumzika, na wavuvi huwa na nafasi ya kushona nyavu na kuzungumza. Mwanafunzi huyu anahitaji vyote viwili: siku za giza kwa kurekodi biashara, na siku za mbalamwezi kwa mahojiano. Kuchagua Jumatatu bila kuutazama mwezi kumemwambia mwenyekiti, pasipo maneno, kwamba kalenda ya chuo ndiyo kalenda. Tafadhali kumi haziwezi kulifuta hilo.

Barua ingeweza kuandikwa hivi:

"Mzee Mwenyekiti, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika isimu, na ninatafiti namna wavuvi na wanunuzi wanavyozungumza wanapouziana dagaa. Naomba kamati iniruhusu kukaa mwaloni kwa asubuhi tatu za siku za giza na kurekodi mazungumzo ya wale watakaoridhia wenyewe. Ningependa pia kuwahoji wavuvi wachache wakati wa mbalamwezi, mitumbwi inapopumzika. Nitawatafuta mwenyewe, nanyi mnielekeze tu pa kuanzia. Kama siku hizo hazifai, au kuna utaratibu mwingine, nitaufuata. Alhamisi asubuhi nitapita kuwasalimu na kusikia kamati imeonaje. Mkiniruhusu nitashukuru sana."

Tafadhali haimo, na naomba ni moja, ikiwa imewekwa kwenye jambo linalohitaji idhini rasmi. Ombi la pili limeshushwa kwa -nge-, na kazi nzito imerudi kwa mwenye shida. Ruhusa imeombwa kwa kamati, si kwa mtu. Sharti la muda limegeuzwa kuwa safari ya mwombaji: hamwamuru mwenyekiti kuandika, anakwenda kusikiliza. Shukrani zipo, lakini zimewekwa nyuma ya -ki- ya masharti. Hiyo ndiyo tofauti ya natanguliza na mkiniruhusu nitashukuru. Ya kwanza imekwisha kutolewa, ya pili inasubiri uamuzi wa mwingine.

Mambo mawili yanahitaji tahadhari. Shikamoo katika maandishi inafaa pale mwandishi anapojua kuwa amezidiwa umri; wapo wenyeviti vijana, na kwao salamu hiyo itasikika kama kejeli. Aidha, barua hii ni ndefu kuliko ya kwanza. Urefu wake umetokana na taarifa, na taarifa ndizo zinazomwezesha mtu kuamua, lakini katika ujumbe mfupi wa simu hakuna nafasi yake. Kwa simu, salamu, utambulisho wa sentensi moja na swali la lini ungeweza kufika vinatosha. Ombi lenyewe ni vyema likasubiri ana kwa ana, ambapo sauti na uso vitafanya kazi ambayo maandishi huibebesha tafadhali.

5.0 Jaribio la jibu la kukataa

Mwandishi huwa kiziwi kwa shinikizo la barua yake, kwa sababu yeye huyasikia maneno ya adabu kwa nia aliyoyaandika nayo. Jaribio ninalowapa wanafunzi wangu ni kuandika jibu la kukataa kwa niaba ya mpokeaji, kwa lugha ambayo mpokeaji huyo angeitumia bila kuaibika, wala kumwaibisha aliyeomba.

Kwa barua ya kwanza, jibu hilo ni gumu kupatikana. Mwenyekiti hana budi kukataa mambo matatu kwa mkupuo, kueleza kwa nini hakujibu kabla ya Ijumaa, na kusema lolote kuhusu shukrani ambazo tayari amekabidhiwa. Wengi watachagua njia nyepesi, ambayo ni kunyamaza. Na mwanafunzi, kwa kutoelewa ukimya huo, atatuma ujumbe wa kukumbushia unaoanza na "Tafadhali sana Mwenyekiti". Kwa barua ya pili jibu linajiandika lenyewe: "Marahaba. Kamati imekaa. Giza la mwezi huu tuna doria, watu hawatakuwa na raha ya kurekodiwa. Njoo mwezi ujao, na hao wavuvi wa kuongea nao utawakuta kwenye mitumbwi, wanashona nyavu."